Poloni, samaki wa moshi na jibini laini: kipi mjamzito na mzee wale, kipi wapashe moto, kipi waache

Onyo la listeria, bakteria anayeingia kwa chakula, huwafikia wajawazito likiwa orodha fupi: usile nyama baridi za vipande, usile samaki wa moshi, usile jibini laini. Orodha hiyo iliandikwa kwa ajili ya nchi ambako samaki wa moshi huliwa baridi juu ya mkate, akitolewa moja kwa moja kwenye pakiti. Ikisomwa Kampala au Masaka kama ilivyo, inapotosha pande mbili. Mama anaacha mputa, yaani sangara, wa moshi katika mchuzi wa karanga, chakula kizuri ambacho kimechemka jikoni kwake, halafu anakula sandwichi ya hemu kwenye mkutano kwa sababu imetoka friji ya hoteli na inaonekana safi. Mzee naye haambiwi lolote, kwa kuwa onyo limebandikwa ukutani kwenye kliniki ya wajawazito, mahali ambapo yeye hana sababu ya kufika.

Hapa tunavilinganisha vyakula hivyo vitatu kwa kipimo kimoja: joto la mwisho kilichopata chakula lilikuwa lini, na baada ya hapo kilikaa wapi, kwa muda gani. Ukijua hayo mawili, unaweza kuamua juu ya karibu kila kitu kilichomo kwenye friji lako.

Bakteria asiyeogopa friji

Listeria ni bakteria wa kawaida wa udongoni, kwenye majani, kwenye kinyesi cha mifugo na kwenye sakafu zenye majimaji. Kumuua si kazi ngumu. Chakula kikifika nyuzi 70 za Selsiasi katikati yake na kubaki hapo dakika 2, au kikigusa nyuzi 74, amekwisha. Ugumu wake uko kwingine. Bakteria wengi wanaotusumbua tumboni husimama kukua chakula kikiingia friji, lakini listeria huendelea hata kwenye nyuzi 4, na hata karibu na sifuri, polepole. Chumvi inayozuia wengine yeye huistahimili: hukua kwenye chumvi ya karibu asilimia 10, wakati hemu na samaki wa moshi huwa na asilimia 2 hadi 4 hivi. Hahitaji hewa pia, kwa hiyo pakiti iliyofyonzwa hewa humwachia uwanja peke yake, huku bakteria wanaotoa harufu na utelezi wakizuiwa. Ndiyo maana pua haisaidii. Nyama yenye listeria ya kutosha kumlaza mtu hospitalini inaweza kunukia vizuri na kuwa na rangi ileile ya waridi.

Kugandisha kwenye friza hakumuui, humsimamisha tu. Ukiyeyusha, anaendelea alipoishia.

Kwa nini hawa wawili

Mtu mzima mwenye afya akila chakula hicho, mara nyingi hapati chochote, au anaharisha siku mbili na kusahau. Kinga inayommaliza listeria ni ile ya chembe nyeupe zinazowinda ndani ya seli, kwa sababu bakteria huyu hujificha humo na hupita kutoka seli moja hadi nyingine bila kutoka nje ambako damu ingemkuta. Wakati wa ujauzito mwili hupunguza makali ya kinga ya aina hiyo ili usimkatae mtoto. Uzeeni kinga hiyohiyo hudhoofika kwa sababu ya umri. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinakadiria kwamba mjamzito ana uwezekano wa kuugua listeria mara 10 kuliko watu wengine, na mtu wa miaka 65 na zaidi mara 4.

Madhara yenyewe hayafanani. Kwa mjamzito, mama mwenyewe huugua kidogo: homa, uchovu, maumivu ya mgongo na misuli. Anayebeba mzigo ni mtoto, kwa kuwa listeria huvuka utumbo, akaingia kwenye damu, kisha akajenga kwenye kondo la nyuma. Mimba inaweza kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa mfu au kabla ya wakati, au akazaliwa akiwa tayari na maambukizi ya damu. Visa vingi hugunduliwa katika miezi mitatu ya mwisho, ingawa hakuna mwezi ambao mama yuko salama kabisa.

Kwa mzee hakuna mtoto wa kupokea pigo. Bakteria huenda kwenye damu na kwenye utando wa ubongo, na dalili zake ni homa, kichwa kuuma, shingo kukaza, kuchanganyikiwa, kuyumba. Watu wa nyumbani huona jjajja ameanza kusema maneno yasiyoeleweka, wakadhani ni uzee au malaria. Hatari huzidi kwa mwenye kisukari, anayetibiwa saratani, anayemeza dawa za kupunguza kinga, na hata anayemeza omeprazoli kila siku, kwa sababu asidi ya tumbo ndiyo kizuizi cha kwanza na dawa hiyo huishusha. Anayeishi na VVU ambaye kinga yake iko chini yuko kwenye kundi hilihili, kwa umri wowote. Kati ya watu wanaougua ugonjwa huu ukiwa umeingia kwenye damu au ubongo, 20 hadi 30 kwa kila 100 hufariki.

Nyama baridi: imepikwa, ikachafuliwa baadaye

Poloni, hemu na soseji za kuchemshwa kiwandani hupita kwenye joto linalotosha kuua listeria. Nyama ikitoka kwenye chombo cha kupikia ni salama. Hatari huingia kati ya hapo na pakiti: inapomenywa, inapokatwa vipande, inapopita kwenye mkanda na meza zenye majimaji ya baridi. Listeria akishika kwenye ufa wa mashine hujitengenezea utando unaonata, na maji ya kawaida hayautoi. Kiwanda kinaweza kuosha kila usiku, na kila asubuhi vipande vya kwanza vikapokea bakteria walewale.

Afrika Kusini ndiko bara letu lilikoliona hili kwa ukubwa wake. Kuanzia 2017 hadi 2018 watu zaidi ya 1,000 walithibitishwa kuugua na zaidi ya 200 wakafariki. Machi 2018 serikali ilitangaza kwamba chanzo ni poloni iliyotengenezwa katika kiwanda kimoja cha Polokwane. Takriban wagonjwa 4 katika kila 10 walikuwa watoto wachanga wasiofikisha mwezi, watoto ambao hawajawahi kuonja poloni. Walipata ugonjwa huo kupitia kwa mama zao.

Dukani kwetu, tofauti kubwa iko kati ya pakiti iliyofungwa kiwandani na nyama inayokatwa kaunta. Mashine ya kukatia kaunta ina kisu cha mviringo, kikinga kisu, na sahani inayosukuma nyama, na nyuma ya kikinga ndipo mabaki hubanwa. Mhudumu akikata hemu, kisha salami, kisha jibini bila kuifungua mashine, kilichokuwa kwenye kimoja kimehamia kwa vyote. Ukiona ukingo wa kikinga una utando mweupe wa mafuta uliokauka, jua mashine hiyo haijafunguliwa leo. Nembo ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwenye mfuko inasema jambo la kweli kuhusu bidhaa ilivyotoka kiwandani, ila haiwezi kusema lolote kuhusu kisu cha kaunta.

Salami ya kukauka ni ngumu zaidi kwa bakteria kuliko poloni, kwa sababu ina asidi na maji machache. Hata hivyo haikupikwa, na aliyeingia humo anaweza kubaki hai, kwa hiyo mjamzito asiile baridi. Ikiwa juu ya piza iliyotoka tanurini ikichemka, hakuna neno.

Kwa chakula hiki chote dawa ni kikaango. Vipande vyembamba vya hemu au poloni vitandaze kikaangoni visilaliane, uvigeuze, na uviache hadi mvuke utoke na ukingo uanze kujikunja. Soseji ikate katikati uone: ikiwa mvuke hautoki kwenye kiini, irudishe motoni. Kinacholeta shida ni soseji "iliyopikwa tayari" inayoliwa kutoka kwenye pakiti, au inayopashwa juu juu ili kuondoa ubaridi tu. Soseji ya kando ya barabara iliyotoka sasa hivi kwenye mafuta yanayochemka haina hatari ya listeria, hata kama mazingira yake yanakutia shaka kuliko kaunta ya supamaketi.

Halafu ile kawaida ya kuipasha nyama nyumbani na kuirudisha kwenye friji kwa ajili ya sandwichi ya kesho haifai. Ikipashwa moto, iliwe moto. Ikirudi kwenye baridi imeanza safari upya.

Samaki wa moshi: jina moja, vyakula viwili

Hapa ndipo mjamzito wa Uganda anapohitaji maelezo yake mwenyewe.

Kuna kutia moshi kwa baridi. Samaki hupakwa chumvi, kisha huwekwa kwenye moshi usiozidi nyuzi 30 hivi kwa saa nyingi. Nyama yake hubaki laini, yenye kung'aa, karibu kama mbichi, na kwa kweli ni mbichi. Hakuna hatua hata moja iliyoua listeria. Baadaye hukatwa vipande vyembamba, hufungwa bila hewa, na huuzwa kwa muda wa wiki kadhaa kwenye friji. Salmoni wa pakiti anayetoka ng'ambo, yule wa rangi ya chungwa anayepangwa kwenye meza ya kifungua kinywa hotelini, ni wa namna hii. Kati ya vyakula vyote vitatu tunavyolinganisha, huyu ndiye ningemwondoa kwanza kwenye sahani ya mjamzito au mzee, kwa sababu nyama baridi angalau ilipikwa mara moja.

Na kuna moshi wetu. Mputa, ngege, kamongo au kambale hupangwa juu ya wavu wa tanuri, moto ukiwa chini, na samaki huiva kabla ya kuanza kukauka. Kisha huachwa kwenye moshi hadi maji yapungue na ngozi iwe ya kahawia ngumu. Joto limeshaua listeria, na ukavu unazuia wapya wasikue, maana bakteria huyu anahitaji maji. Safarini kutoka mwaloni hadi soko la Nakasero au Owino samaki huyo atashikwa na mikono mingi na kulala kwenye magunia, hivyo si kwamba hana bakteria juu yake. Lakini akifika nyumbani huloweshwa, huoshwa, huvunjwa na kutiwa kwenye mchuzi wa karanga unaochemka nusu saa. Mchuzi unaotokota uko karibu na nyuzi 100. Hapo listeria hana nafasi, na mjamzito anapata protini na madini anayoyahitaji. Mukene wa kukaushwa juani wakipikwa nao ni vivyo hivyo.

Mpaka kati ya samaki hawa wawili si mkali sana. Wauzaji wengine humtoa samaki mapema ili abaki mzito kwenye mizani na laini mdomoni. Mbonyeze kwenye mnofu wa mgongo, karibu na kichwa: akibonyea na unyevu ukaja kidoleni, hana ukavu wa kumlinda. Huyo si wa kukaa siku mbili kwenye meza ya soko. Anahitaji baridi, na anahitaji kupikwa siku hiyo. Tabia ya kummegua samaki wa moshi njiani, akiwa bado kwenye gazeti, ndiyo mjamzito anayopaswa kuiacha. Samaki yuleyule baada ya saa moja jikoni anafaa kabisa.

Na salmoni wa pakiti je? Akitiwa kwenye mayai yanayokaangwa au kwenye supu hadi atoe mvuke na nyama ipoteze ule mng'ao wa kioo, anafaa. Samaki wa moshi aliyefungwa kwenye kopo naye ni salama, kwa kuwa kopo hupikwa likiwa limefungwa. Likishafunguliwa, lihesabu kama chakula kibichi cha friji.

Jibini: ulaini wenyewe si kosa

Neno "laini" limeleta mkanganyiko mwingi. Kinachomruhusu listeria kukua kwenye jibini ni maji mengi pamoja na asidi kidogo. Jibini linaloiva kwa ukungu mweupe, kama brii na kamembeti, huanza likiwa na asidi ya kutosha, kisha ukungu hula ile asidi ya maziwa kutoka nje kwenda ndani, na ganda likawa makazi mazuri ya bakteria. Kwa hiyo hata likitengenezwa kwa maziwa yaliyopasteurishwa, yaani yaliyopashwa kiwandani hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15 au nyuzi 63 kwa dakika 30, bakteria akiligusa wakati wa kuiva atastawi. Mjamzito asile haya baridi. Jibini la mishipa ya buluu nalo liingie hapo.

Jibini bichi la shambani, lile jeupe linalovunjika, lenye maji na lisiloiva, linategemea maziwa. Los Angeles mwaka 1985 jibini la namna hii lilisababisha watu 142 waugue na vifo 48 vikatokea, wengi wa walioathirika wakiwa wajawazito na watoto wao. Kiwandani maziwa mabichi yalikuwa yakichanganywa na yale yaliyopashwa. Muuzaji akisema "ni ya asili, maziwa hayajaguswa moto", amekupa sababu ya kutonunua kama unamnunulia mjamzito.

Kinyume chake, gauda inayotengenezwa hapa Uganda, cheda na jibini nyingine ngumu zina maji machache. Zikitengenezwa kwa maziwa yaliyopasteurishwa, mjamzito na mzee wazile hata baridi. Yale ya pembetatu yaliyofungwa kwenye karatasi ya fedha huyeyushwa kwa joto kali wakati wa kutengenezwa, nayo hayana shida ingawa ni laini kuliko brii. Paniri hutengenezwa kwa maziwa yaliyochemka, kisha hukandamizwa na kukatwa kwa mikono na visu, kwa hiyo ilivyo baridi dukani ni kama hemu: ikikaangwa au kuchemka kwenye mchuzi, vizuri, ikivunjwa mbichi juu ya saladi, hapana. Mozarela juu ya piza inayotokota ni salama.

Bongo, yaani maziwa ya mtindi, lina asidi nyingi, na asidi hiyo humzuia listeria kukua. Haimuui papo hapo. Bongo la mjamzito ligandishwe kutokana na maziwa yaliyochemshwa kwanza, yakapoa, ndipo yakatiwa kianzio.

Kwa ufupi wa kukatia shauri dukani:

| Chakula | Kikiwa baridi | Kikipikwa hadi mvuke |
|---|---|---|
| Poloni, hemu, soseji za pakiti | Hapana | Ndiyo |
| Hemu iliyokatwa kaunta | Hapana, hii zaidi | Ndiyo, siku hiyohiyo |
| Salmoni wa pakiti | Hapana kabisa | Ndiyo |
| Mputa au ngege wa moshi wa sokoni | Hapana | Ndiyo, ndivyo anavyopikwa siku zote |
| Brii, kamembeti, jibini la buluu | Hapana | Ndiyo, liyeyuke na kutokota |
| Jibini bichi la maziwa yasiyopashwa | Hapana | Afadhali uache |
| Gauda, cheda, jibini la pembetatu | Ndiyo | Ndiyo |

Friji moja, siku sita

Tarehe ya mwisho kwenye pakiti huhesabiwa kwa pakiti iliyofungwa na friji iliyo baridi ipasavyo. Tuone kinachotokea yote mawili yasipokuwepo. Tuseme nyumba moja ya Ntinda ina mama mwenye ujauzito wa wiki 30 na mama mkwe wa miaka 74. Jumatatu jioni wananunua gramu 250 za poloni iliyokatwa kaunta, na kwa bahati mbaya kila gramu imepata bakteria mmoja tu wa listeria. Idadi hiyo ni ndogo kiasi kwamba kipimo cha maabara kinaweza hata kuikosa.

Friji likiwa kwenye nyuzi 4, tuchukulie listeria anaongezeka mara mbili kila siku moja na nusu. Kufikia Jumapili jioni, siku 6 baadaye, ameongezeka maradufu kwa awamu nne, na kila gramu ina bakteria 16. Sasa friji lilelile liwe kwenye nyuzi 10, jambo la kawaida pale mlango unapofunguliwa kila mara na umeme unapokatika. Kwenye joto hilo anaweza kuongezeka mara mbili kila saa 10. Siku 6 ni saa 144, yaani awamu 14 za kuongezeka maradufu, na kila gramu sasa ina zaidi ya bakteria 16,000. Kanuni ya kimataifa ya Codex kwa vyakula vya kuliwa moja kwa moja ambavyo listeria hawezi kukua ndani yake inaruhusu 100 kwa gramu. Kwa vile anavyoweza kukua, kama poloni, inataka asionekane kabisa katika gramu 25.

Nyama ni ileile, duka ni lilelile. Tofauti ni nyuzi 6 ambazo hakuna aliyeziona, kwa sababu kitufe cha friji kina namba 1 hadi 5 tu na hakisemi joto. Weka kipimajoto kwenye glasi ya maji, rafu ya katikati, kiache usiku kucha na ukisome asubuhi kabla ya mtu kufungua mlango. Ikizidi 4, ongeza baridi au punguza ulivyosheheneza. Rafu za mlangoni ndizo zenye joto zaidi, na ndiko watu wengi huweka jibini. Umeme ukikatika, friji lisilofunguliwa huhimili saa 4 hivi. Ukizidi hapo, nyama baridi na jibini laini si vya wajawazito na wazee tena hata vikiwa bado vinapoza mkono, na ni heri kuvitupa. Pakiti ikishafunguliwa, hesabu siku 3 hadi 5 bila kujali tarehe iliyochapwa, na utumie siku 3 kama huna uhakika na umeme wako.

Maji ya pakiti ya poloni yakimwagika kwenye rafu, yafute siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, kisha kwa maji yenye jiki kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 4. Nyama mbichi ikae chini kabisa, chini ya vyakula vinavyoliwa bila kupikwa.

Umeshakula, na sasa una homa

Kula kipande kimoja cha hemu baridi si sababu ya kukimbilia hospitali. Wengi hawaugui. Mama ambaye hana dalili yoyote haanzishiwi dawa kwa kawaida, ila anaambiwa ajiangalie. Na ajiangalie kwa muda mrefu, kwa sababu dalili huchelewa: mara nyingi wiki 1 hadi 4, na hata siku 70. Ndiyo maana mtu hakumbuki chakula chenyewe. Andika kwenye kitabu chako cha kliniki tarehe na ulichokula.

Homa ikija, kapime malaria kama kawaida. Kipimo kikiwa hasi na homa ikaendelea, au mtoto akapunguza kucheza, mwambie mkunga au daktari waziwazi: "Nilikula poloni baridi wiki mbili zilizopita, nina wasiwasi na listeria." Sentensi hiyo ina kazi kubwa. Ugonjwa huu hauonekani kwenye kipimo cha kinyesi cha kawaida. Unahitaji damu ipelekwe maabara ikaoteshwe, na damu hiyo inafaa kuchukuliwa kabla ya dawa ya kwanza. Jambo la pili ni dawa yenyewe. Seftriaksoni, ile sindano inayochomwa kwenye vituo vingi mtu akiwa na homa isiyoeleweka, haimwui listeria. Dawa inayotumika ni ampisilini ya mshipa, mara nyingi pamoja na gentamisini pale daktari anapoona inafaa, na kwa mwenye mzio wa penisilini daktari huchagua nyingine. Kwa mzee mwenye homa na kuchanganyikiwa, anayetibiwa kama mwenye homa ya uti wa mgongo, ampisilini huongezwa juu ya seftriaksoni kwa sababu hiyohiyo. Aliyemleta hospitalini ndiye anayeweza kutaja umri wake, dawa anazomeza na hemu aliyokula kwenye arusi wiki tatu nyuma, kwani mgonjwa mwenyewe huenda hawezi tena kuyasema.